Tumaini ni Bwana au Bibi? Kisa cha barua ya shukrani ya mdogo wangu

Jumanne moja usiku mdogo wangu Riziki, mtoto wa mama mdogo, alinitumia meseji ndefu haina hata nukta moja: dada shikamoo samahani kwa usumbufu nataka nimwandikie mkuu wa idara kumshukuru ila sijui ni baba au mama sasa nianzeje na nimalizeje naomba nisaidie. Nikacheka peke yangu, maana mimi nimekaa masjala ya halmashauri (siyo hiyo aliyokuwepo yeye, nyingine) miaka sita, nimefungua barua za kila aina, na nakwambia barua za shukrani ndizo zinazokosewa mwanzo na mwisho kuliko hata barua za malalamiko. Anayelalamika anajua anamlalamikia nani. Anayeshukuru mara nyingi hajui hata sura ya aliyemsaidia.

Nieleze kwanza ilikuwaje, ndipo utaelewa kwanini swali la neno moja lilituchukua siku mbili.

Riziki anasoma diploma ya maendeleo ya jamii. Alipelekwa fildi ya wiki nane kwenye kata moja huko wilayani, chini ya afisa maendeleo wa kata, na makao makuu ya halmashauri alifika mara moja tu, siku ya kuripoti, akaachia barua yake dirishani akaondoka. Wiki ya mwisho afisa wake wa kata akaenda likizo ya uzazi kabla hajajaza fomu ya tathmini, na chuo kinaitaka Jumatatu mchana. Riziki akaituma fomu kwa imeili ya idara siku ya Ijumaa jioni akiwa ameshakata tamaa kabisa. Jumamosi saa tisa alasiri ikarudi, kurasa nne zimejazwa kwa mkono, zimesainiwa, muhuri umegongwa, zimeskaniwa vizuri. Mtu alitoka nyumbani kwake siku ya mapumziko akaenda ofisini kwa ajili ya mwanafunzi asiyemjua.

Kwenye imeili hamna maneno zaidi ya "Pokea." Chini ya fomu kuna saini iliyojikunja, halafu jina: Tumaini R. na jina la ukoo, ambalo hapa nitaliandika M tu. Cheo: Kaimu Mkuu wa Idara. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, Kny: MKURUGENZI MTENDAJI. Basi. Na ule muda wote wa fildi, afisa wa kata akimtaja mtu huyo alikuwa anasema "mkuu". Mkuu kasema sawa, mkuu hajarudi, ngoja nimuulize mkuu. Wiki nane Riziki hajasikia hata siku moja "mama" au "mzee".

Rasimu aliyoniletea ilianza hivi, naiweka kama ilivyokuwa kwa ruhusa yake:

"Mheshimiwa Bw./Bi. Tumaini, Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule mwanafunzi wa fildi..."

Na ikaisha hivi: "Natanguliza shukrani zangu za dhati. Bwana akubariki sana. Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa, Riziki."

Ukiisoma haraka unaona mbona iko sawa tu. Lakini hebu tuiangalie vizuri, maana karibu kila neno pale amelichukua kwenye barua nyingine ya kazi nyingine.

Kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba ana bahati anaandika Kiswahili. Lugha yetu haina habari na jinsia ya mtu kwenye vitenzi wala viwakilishi. Amejaza, amesaini, alienda ofisini, nikamshukuru, msaada wako, yote haya hayasemi kama ni mwanamke au mwanaume. Unaweza kuandika kurasa kumi kuhusu mtu na jinsia isijulikane kabisa. Inayokusaliti ni ile nomino unayombandika tu: Bwana, Bibi, Bi, mama, baba, kaka, dada, mzee. Kwahiyo shida yake haikuwa barua nzima, ilikuwa neno moja juu na neno moja chini. Ukiondoa hizo nomino umemaliza, swali linalobaki ni uweke nini mahali pake ili pasionekane pana pengo.

Sasa kabla ya kukimbilia neno lisilo na jinsia, ni haki kujaribu kujua kwanza. Riziki alikuwa ameshaamua kwamba ni mwanaume. Nikamuuliza umejuaje? Akasema kwenye jina la mtumaji wa imeili ile R imeandikwa kwa kirefu, Raphael. Aisee. Hili kosa nimeliona masjala mara nyingi mno. Kwetu Tanzania jina la katikati kwa kawaida ni la baba yake mtu, la tatu ni la babu au la ukoo. Kwahiyo Raphael pale anakwambia baba yake Tumaini alikuwa mwanaume, jambo ambalo tulikuwa tunalijua tayari. Mwanamke anayeitwa Tumaini Raphael ni kitu cha kawaida kabisa. Jina la tatu nalo halisaidii, linaweza kuwa la ukoo wa baba au la mume. Shahidi wa maana ni jina la kwanza peke yake, na Tumaini ni katika yale majina yasiyotoa ushahidi: Tumaini, Bahati, Riziki, Furaha, Imani, nimeyakuta kwa wanawake na nimeyakuta kwa wanaume, darasa langu la sita tulikuwa na Bahati wawili, mmoja wa kike mmoja wa kiume, mwalimu akiita wanasimama wote.

Nikamwambia piga simu ofisini. Ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote na haina aibu yoyote, unauliza tu, "Naomba kufahamu jina kamili na cheo cha anayekaimu idara, nataka kumwandikia barua." Huulizi ni mwanamke au mwanaume, unauliza jina kamili, na mara nyingi anayepokea atasema mwenyewe "ah, unamtaka mama." Riziki akapiga Jumatano asubuhi, akaweka spika mimi nikiwa kwenye simu nyingine nasikiliza. Akapokea katibu muhtasi. Jibu lilikuwa hili: "Hayupo, ametoka kidogo, yuko kwenye kikao na timu ya menejimenti, akimaliza ataingia ofisini, unataka nimwambie nani alipiga?"

Vitenzi vyote hivyo halafu hatujapata hata nusu ya jinsia! Nilicheka mpaka machozi. Riziki akajikaza akauliza, "samahani, ni mheshimiwa... nani?" Yule dada akasema, "Mkuu. Mkuu Tumaini." Akanitajia na jina la ukoo herufi kwa herufi, akakata.

Lakini simu haikuwa hasara. Alipata tahajia ya jina la ukoo. Kwenye muhuri wino ulikuwa umetapakaa, haikuonekana kama ni herufi moja au mbili katikati, na hili watu wanalidharau, wanahangaika na Bwana na Bibi halafu wanamwandika mtu Masawe wakati yeye ni Massawe. Mwenye jina analiona hilo kabla hajasoma kitu kingine. Ukikosea jinsia kwa jina kama Tumaini mtu atakuelewa, kashazoea. Ukikosea tahajia wakati simu moja ingekupa jina sahihi, umemwonyesha kwamba hukujali kuuliza.

Haya, turudi kwenye rasimu. Mheshimiwa. Neno zuri, halina jinsia, na ndio maana vijana wanalikimbilia. Lakini kwenye ofisi za umma lina wenyewe: waziri, mbunge, diwani, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, jaji, hakimu. Mkuu wa idara wa halmashauri, tena kaimu, ukimwita Mheshimiwa kwenye maandishi anaweza kudhani unamtania, au unataka kitu. Kwenye mazungumzo watu wanaitana waheshimiwa mpaka kijiweni, sawa, ila barua inakaa kwenye faili.

Bw./Bi. hiyo yenye mkwaju katikati haina kosa la lugha, fomu nyingi za serikali zinayo. Tatizo lake ni hilo hilo, inafanana na fomu. Mtu aliyekatisha Jumamosi yake kwa ajili yako unamletea salamu ya kukata isiyohitajika. Kwenye tangazo la mkutano ni sawa, kwenye shukrani inakuwa baridi. Na Bibi kwa kirefu usiguse kabisa, huku bara mtu anasikia mama yake baba.

Shikamoo ndiyo ilitugombanisha kidogo. Riziki anasema dada, huyu ni mkubwa, nitamwandikiaje bila shikamoo? Na ana hoja, shikamoo haina jinsia, inafaa kwa mwanamke na mwanaume. Ila angalia mambo mawili. Shikamoo ni ya kujibizana, unaitoa ili mtu aitikie marahaba, kwenye wasap inakwenda vizuri kwasababu atajibu saa hiyo hiyo, kwenye barua inabaki inaning'inia. La pili, shikamoo inasema umri, na hatukujua umri wa Tumaini. Siku hizi kuna wakuu wa idara wana miaka thelathini na kidogo, Riziki ana ishirini na sita kwasababu alianza kazi kabla ya kurudi chuo, kuna kila uwezekano wamepishana miaka sita tu. Mdomoni ungemtazama mtu ukaamua. Kwenye karatasi huwezi. Nikamwambia badala yake weka "Pole na majukumu", ni salamu ya mtu wa chini kwenda juu bila kumpa mtu uzee, na kwa huyu ina maana ya kweli maana majukumu aliongezewa siku ya Jumamosi.

Tukabaki na Ndugu. Riziki hakulipenda. Alisema Ndugu inamkumbusha barua za kudaiwa mkopo. Namwelewa, kizazi chao wanakutana na neno hilo kwenye barua za wito na za madeni tu. Lakini hili ndilo neno lililotengenezwa kwa kazi hiyo hasa hapa Tanzania. Ile ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa inasema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na wakati wa ujamaa Ndugu likawa jina la kumwitia kila mtu, mkubwa mdogo, mwanamke mwanaume, mpaka leo CCM wanaitana hivyo, mwanamke ni Ndg. fulani na mwanaume ni Ndg. fulani. Barua rasmi ya Kiswahili ya hapa kwetu ukiandika "Ndugu," hakuna wa kukuuliza.

Ila hapa niweke angalizo, ukiwa unaandikia Kenya usilibebe hivyo hivyo. Kule, na kwa kweli hata makanisani kwetu, utasikia "ndugu na dada", yaani ndugu ni wanaume. Mwanamke wa Nairobi akiandikiwa Ndugu anaweza kuona umeshamfanya mwanaume, yaani umerudi kule kule ulikokuwa unakimbia. Huko ni bora uandike cheo moja kwa moja. Na kule nako watu wanajidanganya na majina, wanajua Kip- ni mwanaume na Chep- ni mwanamke kwa Wakalenjin, kwa kawaida ni kweli kwa jina la mtu mwenyewe, lakini mwanamke anayetumia jina la baba yake mwishoni anaweza kuwa na Kip- pale. Zanzibar ni habari nyingine tena, Bi. mbele ya jina la kwanza ni heshima kubwa, ila lazima uwe na uhakika ni mwanamke.

Angekuwa na taaluma inayojulikana tungepona mapema. Dkt., Prof., Mhandisi, Wakili, Mwalimu, Mchungaji wa makanisa yanayoweka wakfu wanawake, vyote hivi vinakaa mbele ya jina bila kuuliza jinsia. Tuliangalia fomu, hakuna. Usimpe mtu udaktari wa kubahatisha, kuna watu wanaudhika na hilo kuliko kuitwa Bi wakati ni Bwana.

Sasa swali ambalo Riziki hakuniuliza lakini ndilo lililokuwa kubwa zaidi: anamwandikia nani? Ile Kny. Kwa niaba ya. Kiofisi fomu ile haikutoka kwa Tumaini, imetoka kwa Mkurugenzi Mtendaji, Tumaini ameshika kalamu. Ukimshukuru Tumaini peke yake kwenye imeili yake, shukrani inaishia pale pale, ataisoma atafurahi atafunga. Ukiandika barua kwa Mkurugenzi ukamtaja Tumaini ndani, barua inapita masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye rejista, inapewa folio kwenye jalada, inapanda kwa Mkurugenzi, naye anaandika juu pembeni kwa peni maneno mawili matatu kwenda kwa mkuu wa idara, na nakala inaweza kwenda kwenye jalada la mtumishi mwenyewe. Mimi nimeyafanya hayo kwa mikono yangu. Mtumishi anapokuja kupandishwa au kusemwa vibaya, karatasi kama ile ipo.

Na raha ya barua hiyo ni kwamba tatizo letu lote linayeyuka. Anwani inasema Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya fulani, S.L.P. fulani, halafu "Ndugu," halafu YAH: SHUKRANI KWA KUJAZIWA FOMU YA TATHMINI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Ndani unamwandika "Ndugu Tumaini R. M, Kaimu Mkuu wa Idara". Huko Kaimu unaiweka kwasababu unaeleza cheo. Kwenye salamu mtu haitwi Kaimu, hata siku moja, ni kama kumkumbusha kiti si chake.

Kwahiyo tukakubaliana ziwe mbili. Barua rasmi kwa Mkurugenzi, ikapelekwa kwa mkono na jirani anayefanya biashara karibu na pale. Na imeili fupi kwa Tumaini mwenyewe, na hapo nikasema usitumie cheo, tumia jina. Wengi wangefanya kinyume, wangeandika "Ndugu Mkuu wa Idara" kwasababu ni salama zaidi. Ni salama, ndiyo, ila aliyeenda ofisini Jumamosi sio idara. Jina kamili baada ya Ndugu linamwonyesha kwamba shukrani ni yake, na bado halijagusa jinsia.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" tukaifuta. Kwanza kwenye imeili hakuna kichwa hapo juu, kiko kwenye kisanduku cha mada. Na hata kwenye barua, mimi siipendi, unamwamuru mkubwa ahusike, utadhani yeye ndiye mwanafunzi. Anayeona hawezi kuishi bila hiyo basi angalau atangulize tafadhali.

Mwisho wa barua sasa, na huku ndiko kulikokuwa na vichekesho. "Natanguliza shukrani" kwenye barua ya shukrani! Kutanguliza maana yake jambo bado halijafanyika, unaomba huku unalipa kabisa. Fomu ilikuwa imeshafika chuoni. Akiisoma mtu makini ataanza kutafuta ni wapi umeomba kitu kingine.

"Bwana akubariki", hapa nilimuuliza, tumehangaika siku mbili kumwondoa Bwana pale juu, wewe unamrudisha chini? Anamaanisha Mungu, najua, ila Tumaini si lazima awe wa dhehebu lake, na jina hilo halisemi dini kwa uhakika. "Mungu akubariki" inatosha, wa misikitini na wa makanisani wote wanaipokea. Kwa sababu hiyo hiyo sikumpa "Wasalaam", japo ni neno zuri na watu wa pwani wanalitumia bila kufikiria, kwa msichana wa bara kwenda kwa mtu asiyemjua linaweza kusomeka kama kubahatisha.

"Wako katika ujenzi wa Taifa" ni ya ofisi kwenda ofisi, ofisa kwa ofisa. Mwanafunzi akiivaa ni kama mtoto kwenye koti la baba yake. "Wako mtiifu" ni nzuri kwenye barua ya kuomba kazi au ruhusa, mtu yuko chini ya mamlaka yako. Riziki fildi imeisha, hayuko chini ya Tumaini tena, anashukuru kwa hiari yake. Na "Wako" ikibaki peke yake bila mtiifu wala mwaminifu, kisha jina la kwanza tu, "Wako, Riziki", hapana jamani, kwa mtu usiyejua jinsia yake wala kama ana mume au mke anayesoma simu yake, hiyo ni barua ya sekondari ya enzi zetu. Tukaweka "Kwa heshima na shukrani," basi, haidai chochote.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo Riziki akasema, dada kuna kitu sijakwambia. Akanitumia picha ya ukurasa wa tatu wa fomu. Kwa mwandiko mzuri kabisa wa Tumaini: "Bw. Riziki ni mchapakazi, anawahi kazini na anaheshimu wananchi."

Kumbe! Wakati sisi tunamtafuta Tumaini, Tumaini alikuwa ameshabahatisha upande wa huku, na akakosa. Afisa wa kata alimpa taarifa kwa simu, na kwa Kiswahili kile kile, anawahi, anaheshimu, amefanya, hakuna mahali angejua. Na Riziki mwenyewe kwenye barua zake zote alikuwa anasaini "Riziki S." tu.

Alitaka kuweka sentensi kwenye imeili kuomba irekebishwe. Nikakataa, na hili nalishikilia. Shukrani ikibeba ombi tumboni inageuka kuwa maombi, msomaji anaruka aya yote ya shukrani anatafuta kazi aliyopewa. Uliza chuo kwanza kama ina madhara. Akauliza, chuo wakasema wao wanaangalia namba ya usajili na alama, Bw. haiwahusu. Basi hakuna cha kuomba.

Lakini njia ya kumwambia ipo, tena ya zamani, wanawake wa maofisini walikuwa wanaitumia sana: unasaini jina lako kamili halafu kwenye mabano (Bi.). Halilalamiki, halimsahihishi mtu, ni taarifa tu iliyokaa mahali pake. Na linamsaidia anayejibu asihangaike kama tulivyohangaika sisi. Mtu mwenye jina kama la Riziki ilibidi awe anafanya hivyo tangu barua ya kwanza ya kuripoti. Imeili iliyokwenda Alhamisi saa nne asubuhi, saa za kazi, ilikuwa hii:

"Ndugu Tumaini R. M,

Pole na majukumu.

Mimi ni mwanafunzi wa maendeleo ya jamii niliyekuwa fildi kwenye kata yenu. Fomu ya tathmini uliyonitumia Jumamosi imepokelewa chuoni Jumatatu saa mbili asubuhi, ndani ya muda, na nimekamilisha mafunzo yangu.

Najua ilikuwa siku ya mapumziko na hukuwa unanifahamu. Nimeandika pia kwa Mkurugenzi Mtendaji kueleza msaada ulionipa. Nashukuru sana, na Mungu akubariki.

Kwa heshima na shukrani,

Riziki S. (Bi.)
Mwanafunzi, Diploma ya Maendeleo ya Jamii"

Isome tena uone, hakuna neno hata moja linalohitaji kujua kama Tumaini anavaa suti au kitenge, na sidhani kama msomaji anahisi kuna kitu kimekwepwa. Hiyo saa mbili asubuhi nilimlazimisha aiweke. Aliyeenda ofisini Jumamosi anataka kujua kama kazi yake iliwahi, hilo linamfurahisha kuliko "shukrani za dhati" tano.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo jioni.

"Bi. Riziki, nimepata. Samahani kwa ile Bw. kwenye fomu. Hata mimi huwa yananikuta sana. Kazi njema. T.R.M."

Riziki akanipigia anapiga kelele, dada ni mama! Kama yanamkuta na yeye, maana yake anaitwa Bw. wakati ni Bi.! Mimi nikamwambia tulia, mwanaume anayeitwa Tumaini naye anaandikiwa Bi. kila siku, nimeona mwenyewe. Tumebishana mpaka leo. Afisa wa kata amerudi kazini, Riziki amemuuliza kwa kuzungukazunguka habari za mkuu, akajibiwa mkuu hajambo, amehamishwa.

Nimemshauri ahifadhi ile imeili jinsi ilivyo. Akitaka kumpongeza kwa kituo kipya, abadilishe tu aya za katikati.